Safu ya Wiki ya Tatu

Wifi yangu alipewa barua ya onyo, hilo ni kweli, na sitaki mtu anisogelee sokoni kuniuliza kwa kunong'ona kana kwamba ni siri. Alipewa, akaisoma, akaitia saini. Ila sababu inayozunguka midomoni mwa watu siyo, na kwa kuwa kaka yake, marehemu mume wangu, hayupo kulisemea jina lake, nitalisemea mimi.

Nilipoolewa nilimkuta binti wa miaka kumi na sita, mwembamba, mwenye kucha fupi. Mume wangu aliniambia, "Huyu ni wako sasa, umsomeshe anavyotaka." Alitaka kujifunza kupiga chapa. Alisoma chuo cha uhazili kwa miaka miwili, akafundishwa na mama mmoja mkali aliyekuwa akipima kingo za karatasi kwa rula na kuchana kazi yote yenye herufi moja iliyofutwa. Ukikosea neno la mwisho ukurasa mzima unaupiga upya. Wifi alitoka pale na cheti cha daraja la kwanza na maradhi ambayo sisi wa nyumbani tuliyaona kuwa ni sifa: hakuweza kuvumilia karatasi iliyosahihishwa.

Aliajiriwa ofisi ya maji na hajaajiriwa kwingine. Ofisi yenyewe iko nyuma ya uwanja unakolazwa mabomba ya akiba. Chumba chake kina dirisha moja linalotazama mabomba hayo, meza mbili, kabati la chuma ambalo droo yake ya tatu haifungi mpaka uisukume kwa goti, na nje ya mlango, kwenye ukumbi, pana ubao wa matangazo wenye mlango wa kioo na kufuli dogo. Ufunguo wa kufuli hilo anao yeye. Watu wa pampu walimwita Bi Mstari. Alijifanya halipendi jina hilo.

Kila mwisho wa mwezi alichapa ratiba ya zamu. Msimamizi wa zamu, mtu mzima mwenye mwandiko wa kukimbia, alimletea karatasi mbili za mkono, na wifi aliziandika kwa sentensi, kila mtu na aya yake. Nimeziona nyingi. Zilisomeka hivi: "Fundi Kofia atashika pampu zamu ya asubuhi wiki ya kwanza. Wiki ya pili atashika mchana. Wiki ya tatu atashika usiku." Wiki ya nne haikutajwa, na kila mtu alijua maana yake: wiki ambayo hujaandikiwa kitu ni wiki yako ya kupumzika. Watu wa pampu ni wanne, zamu ni tatu, kwa hiyo kila wiki mmoja yuko nyumbani. Hivyo hivyo kwa wa chujio, wa lango na wa stoo ya dawa. Majina kumi na sita, kurasa mbili.

Siku ratiba ilipobandikwa watu walijipanga mbele ya kioo, kila mmoja akatafuta jina lake, akatoa kidaftari mfukoni au kipande cha pakiti ya sigara, akanakili yake, akaenda zake. Hakurudi tena kutazama mpaka mwezi ugeuke. Kwa nini arudi? Miaka ishirini na tisa karatasi ya Bi Mstari haikuwahi kubadilika baada ya kubandikwa.

Ndipo akaja meneja mpya. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anatembea haraka, anasema polepole. Wiki yake ya kwanza alisimama mbele ya kioo akiwa amekunja mikono, akasoma aya tatu, akamgeukia wifi.

"Bi Mstari, umeandika vizuri sana. Lakini nikitaka kujua leo nani yuko kwenye pampu, lazima nisome barua kumi na sita."

"Ndivyo tulivyozoea, bosi."

"Niwekee jedwali. Majina pembeni, yashuke. Wiki nne juu, zipangane. Pale mtu anapokutana na wiki, andika zamu yake. Nikitupa jicho nione."

"Sentensi zangu je?"

"Sentensi zako zivunje. Kila kipande kiende kwenye kisanduku chake."

Alipokuja kwangu Jumapili ile alikuwa amenuna. "Wifi, nimeambiwa nivunje sentensi. Kama ni kuku ningeelewa." Nikamwambia jedwali si tusi, hata orodha ya mahudhurio ya darasani ni jedwali, nami nimeijaza miaka thelathini na sikufa.

Alilitengeneza. Hakuwa mjinga wa kompyuta kama walivyodhani vijana wa ofisi ya mita. Aliulaza ukurasa ubavu ili upana utoshe, akaagiza safu tano, ya kwanza ya majina na nne za wiki, na mistari kumi na saba, wa juu ukiwa wa vichwa. Akauwekea mstari ule wa vichwa alama ya kujirudia juu ya ukurasa wa pili, ili anayesoma majina ya chini asilazimike kukisia wiki. Kisha akaweka karatasi ya msimamizi kushoto, akaanza kumwaga sentensi. Anaandika jina, anabonyeza kile kitufe chenye mishale miwili, kijiti kinachometameta kinaruka kwenye kisanduku kinachofuata, anaandika "Asubuhi", anabonyeza, "Mchana", anabonyeza. Wiki ya mapumziko aliiacha wazi, kwa kuwa kwenye sentensi nayo haikuwa ikitajwa.

Alipofika kwa Fundi Kofia simu ya mezani iliita. Alikuwa ameshaandika "Mchana" ya wiki ya pili na kubonyeza. Akaongea na mtu aliyetaka kujua kwa nini maji yake yana rangi, akamjibu kwa adabu, akaweka mkono wa simu, akarudi. Akabonyeza tena. Kijiti kikaruka kisanduku cha wiki ya tatu, kikatua cha wiki ya nne. Akaandika "Usiku". Akamaliza mstari, akaendelea na jina lililofuata.

Alihakiki, bila shaka. Aliweka rula chini ya kila jina na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia, akilinganisha na karatasi ya msimamizi. Fundi Kofia: asubuhi, mchana, usiku, na nafasi moja wazi. Zamu tatu, mapumziko moja. Sawa. Na kwa mtu aliyesoma ratiba kama sentensi miaka ishirini na tisa, ilikuwa sawa kweli, kwa sababu sentensi ina kilichosemwa na kisichosemwa. Haina shimo katikati.

Meneja alifurahi. Watu walilalamika siku moja, kisha wakanakili zao wakaenda.

Huyo Fundi Kofia nimweleze kidogo. Ni mtu wa miaka hamsini, kichwani ana kofia ya sufu jua na mvua, na mdomo wake hauna breki. Miaka ya nyuma alikuwa mnywaji, akachelewa kazini mara tatu, akapewa onyo kali lililosema ukirudia utaondoka. Aliacha pombe. Onyo likabaki kwenye faili. Ana watoto wanne na mama mzazi asiyeona. Alikuwa akipita dirishani kwa wifi kila asubuhi na kusema, "Bi Mstari, nyoosha na mgongo wangu," na wifi alikuwa hajibu, anasukuma droo kwa goti.

Jumatano ya wiki ya pili wifi alitoka kubandika tangazo jingine. Kufuli lilikuwa gumu, akawa anahangaika nalo, na macho yake, yasiyokuwa na kazi, yakashuka. Hayakwenda kulia kama yalivyozoea. Yalishuka kwenye safu ya wiki ya tatu, kwa watu wanne wa pampu: wazi, wazi, asubuhi, mchana. Akashuka tena. Hapakuwa na usiku. Akahamia safu ya wiki ya nne: usiku, asubuhi, mchana, usiku. Usiku wawili.

Aliniambia baadaye kwamba alisikia masikio yakipata moto, kama alivyosikia siku yule mama wa chuo alipochana kazi yake mbele ya darasa.

Kama angekuwa mtu mwingine angepiga mstari kwa kalamu, akaandika neno jipya pembeni na kumwita mhusika. Wifi alirudi chumbani, akafungua faili, akahamisha "Usiku" kwenye kisanduku chake, akahifadhi juu ya ile ya zamani, akachapa upya. Saa ya chakula, ukumbi ulipokuwa mtupu, akaibandika mpya. Ile ya kwanza aliichana vipande vidogo, akavitia kwenye mkoba, akavitupa nyumbani kwake.

Alikusudia kumwambia Kofia, hilo naliamini. Wiki ile Kofia alikuwa zamu ya mchana, wakakutana langoni yeye akitoka na mwenzake akiingia. Lakini msimamizi alikuwa amesimama palepale na funguo zake, na Kofia alishaanza: "Jamani mpisheni Bi Mstari, asipinde." Msimamizi akacheka. Wifi akapita. Akajiambia, ataona ukutani.

Jumapili alikuja kwangu kama kawaida, akakaa jikoni akinisaidia kuchambua mchele, na katikati ya maongezi mengine akauliza, "Wifi, kosa likisharekebishwa kabla halijamdhuru mtu, linahesabiwa?"

Nilidhani anazungumzia mambo ya kanisani au ya majirani. Nikamjibu kwa ulimi mwepesi wa mwalimu, "Likisharekebishwa limekwisha. Mambo ya ndani ya nyumba hayaanikwi kwenye ua." Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na mchele. Maneno hayo ni yangu na sitayakana.

Siku iliyofuata, Jumatatu ya wiki ya tatu, mtu wa zamu ya mchana alimaliza saa zake akamsubiri wa kumpokea. Hakuja. Akapiga simu ya Kofia, haikupatikana. Akasubiri saa moja na nusu, kisha akafanya kama kanuni inavyosema: pampu haiachwi ikizunguka bila mtu. Akaizima, akafunga, akaenda nyumbani. Kulipopambazuka tangi la kilimani lilikuwa tupu. Mji mzima uliamka na mabomba yanayokohoa. Hospitali ilitumia akiba yake, shule zikarudisha watoto, na meneja akapigiwa simu na wakubwa ambao mtu hapendi wamjue kwa namna hiyo.

Kofia alipatikana Jumatano, kwa dada yake, anapiga plasta ukuta wa choo. Alikuja na chokaa mikononi.

"Mbona mnanitafuta kama mwizi? Wiki hii napumzika."

Meneja akampeleka mbele ya kioo. Akaweka kidole kwenye jina, akakiburuta hadi wiki ya tatu. Usiku. Kofia akatoa kidaftari chake cha mfukoni, kimejikunja kama jani kavu, akakifungua: wiki ya tatu, mapumziko, wiki ya nne, usiku.

"Hiki umekiandika wewe," alisema msimamizi.

"Nimenakili hapa."

"Hapa panasema usiku. Na karatasi yangu ya mkono inasema usiku. Au sisi wote tumelewa ila wewe?"

Neno hilo la kulewa lilisemwa mbele za watu, na Kofia alinyamaza. Walioshuhudia waliniambia ni mara ya kwanza kumwona amenyamaza. Mlango wa wifi ulikuwa wazi. Alisikia yote akiwa na vidole juu ya herufi.

Kuacha kituo bila ruhusa, kwa mtu mwenye onyo kali kwenye faili, ni kufukuzwa. Kikao kilipangwa Ijumaa asubuhi.

Alhamisi Kofia alikuja dirishani. Hakusema lolote la kunyoosha. Alivua kofia, na wifi anasema hakuwahi kujua kwamba ana upara.

"Bi Mstari, naomba nikuulize kitu usinicheke."

"Uliza."

"Macho yangu yameanza kwenda? Mama yangu yalimwanza hivihivi, umri huu huu. Nimekitazama kidaftari mpaka nimechoka. Nakumbuka nilisimama pale, nakumbuka niliona peupe wiki ya tatu. Sasa nikitazama naona usiku."

Wifi alisukuma droo kwa goti.

"Ingekuwa karatasi ya mtu mwingine ningesema imebadilishwa," Kofia akaendelea. "Lakini hii ni yako. Yako haibadiliki. Basi ni mimi. Kesho nitasema nilikosea kunakili, labda wataniona muungwana wanisamehe."

Akavaa kofia yake akaenda.

Wifi alikuja kwangu jioni ile moja kwa moja kutoka kazini, mkoba ukiwa bado begani. Alinieleza kila kitu akiwa amesimama. Nilimsikiliza, na kwanza, niseme ukweli kwa kuwa nimeahidi ukweli, nilifikiri juu ya nyumba. Nilifikiri juu ya kaka yake aliyezikwa na watu wa idara tatu, juu ya nafasi ya mkuu wa masjala aliyokuwa akiingojea mwaka ule, juu ya watu watakavyosema kwamba msomi wetu hajui hata kujaza visanduku.

"Nani mwingine aliiona karatasi ya kwanza?" nikauliza.

"Wote waliiona. Hakuna aliyeisoma ila mstari wake."

"Kwa hiyo hakuna ajuaye."

"Kofia anajua," alisema wifi. "Ila nimemfanya asijiamini."

Nilimwambia aketi ale. Alikula kidogo, akainuka kuondoka, na mlangoni akanigeukia. "Ulisema likirekebishwa limekwisha."

"Nilisema bila kujua."

"Najua. Sikulaumu, wifi."

Ijumaa, kwenye kikao, kazi yake ilikuwa kuandika muhtasari. Meza ndefu, meneja mwanzoni, msimamizi kulia, mwakilishi wa wafanyakazi kushoto, Kofia peke yake upande wa pili na shati la kwendea harusini. Msimamizi alieleza. Mtu wa zamu ya mchana alieleza. Meneja akamuuliza Kofia ana nini cha kusema.

"Nilinakili vibaya," alisema Kofia. "Sikuwa nimekunywa. Mkinifukuza semeni ni macho, msiseme ni pombe. Mama yangu anasikia redio, anasikia na ya mtaani."

Meneja alimgeukia wifi. "Bi Mstari, andika kwamba amekiri."

Wifi alikuwa ameshaandika "Fundi wa pampu amekiri kwamba". Aliiweka kalamu chini. Anasema alichofikiri wakati ule ni kitu kidogo tu: kwamba sentensi ile akiimalizia itakaa kwenye faili daima, safi, bila herufi iliyofutwa, nayo ni ya uongo.

"Siwezi kuiandika, bosi. Hakunakili vibaya."

"Una maana gani?"

"Karatasi ya kwanza ilikuwa na wiki ya tatu wazi kwenye jina lake. Niliruka kisanduku. Niligundua Jumatano ya wiki ya pili, nikachapa nyingine, nikaibandika bila kumwambia mtu."

Msimamizi alicheka kwa mshangao. "Wewe? Umeruka?"

"Mimi."

"Iko wapi hiyo karatasi?" aliuliza meneja.

"Niliichana. Na kwenye kompyuta nilihifadhi mpya juu ya ya zamani. Haipo."

"Basi nitajuaje kwamba humkingii mwenzako kifua?"

Mwakilishi wa wafanyakazi, ambaye hadi hapo alikuwa akichora maua pembezoni mwa daftari lake, alisema, "Bosi, huyu mama hajamsalimia Kofia miaka kumi. Amkingie kifua kwa lipi?"

Meneja hakucheka. Wifi akaomba kidaftari cha Kofia. Akakifungua mwezi ule, akakiweka mbele ya meneja, kisha akaomba ratiba iliyotolewa ukutani.

"Usisome kwa kwenda," alisema. "Shuka. Weka alichoandika yeye badala ya nilichoandika mimi, uone wiki ya nne. Watu wawili usiku, yeye na yule wa mwisho. Mtu anayetaka kukwepa zamu hajipangii zamu wiki nyingine pamoja na mtu ambaye tayari yupo. Hiyo si hila. Ni neno lililosogea kisanduku kimoja. Kidole changu kinajua kilivyolisogeza."

Meneja alishuka kwa kalamu yake, safu ya tatu, safu ya nne. Alirudia. Kisha akamtazama msimamizi. "Na wewe ulipewa ratiba uihakiki kabla ya kubandikwa?"

"Nilisoma... nilisoma majina," alisema msimamizi.

Kofia alikuwa akimtazama wifi. Hakumshukuru. Alisema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo naona."

"Unaona," alisema wifi.

"Tangu Jumatano silali, Bi Mstari. Nimekuwa nafumba jicho moja, nafumba la pili, napima."

"Najua."

"Hujui." Akainuka, akaomba ruhusa kwa meneja, akatoka nje.

Kofia alifutiwa shauri siku ileile. Wifi alipewa barua ya onyo, si kwa kuruka kisanduku, kwani hilo meneja alisema ni la binadamu, bali kwa kubadilisha ratiba iliyokwisha kutangazwa pasipo kuwajulisha wahusika. Na kwa kuwa ofisini hapakuwa na mpiga chapa mwingine, barua hiyo aliichapa mwenyewe. Meneja alimwandikia rasimu kwa mkono. Wifi aliipanga vizuri, akarekebisha tarehe iliyokosewa, akaipeleka isainiwe, akaipokea, akaitia saini ya kupokea, akaweka nakala kwenye faili lake. Nafasi ya mkuu wa masjala alipewa mtu wa ofisi ya mita. Nimesema sitaficha, sifichi.

Ratiba ilibadilika. Hakuna kisanduku kinachoachwa wazi sasa. Anayepumzika huandikiwa "Mapumziko" kwa herufi zote, ili peupe pakitokea pajulikane kuwa ni kosa. Chini ya watu wa kila kituo kuna mstari mmoja wa ziada, unaohesabu kila wiki: asubuhi mmoja, mchana mmoja, usiku mmoja. Pembeni juu kuna tarehe ya kuchapwa. Na msimamizi anatia saini baada ya kushuka safu zote nne mbele ya wifi, akilalamika kwamba shingo inamuuma.

Kilichomuuma wifi zaidi ya barua ni watu wa ukumbini. Walianza kuitazama ratiba kila asubuhi. Zamani walinakili siku moja wakamwamini mwezi mzima. Sasa kila anayepita husimama, hutoa kidaftari, hulinganisha. Aliyasema haya kwangu mara moja tu, akiwa ananiosha vyombo na mimi nikimzuia.

Kofia hakupita dirishani wiki tano. Wifi alihesabu.

Mwezi wa pili baada ya kikao, Alhamisi, saa mbili asubuhi, aligonga kioo cha dirisha kwa ukucha.

"Bi Mstari. Njoo ukumbini."

Alitoka. Kofia alikuwa mbele ya ubao, kidole kwenye kioo, kimeshuka hadi nusu ya safu ya wiki ya pili.

"Watu wa chujio. Mchana wako wawili, asubuhi hakuna. Na hesabu yako ya chini inasema mmoja mmoja. Hesabu ilinakiliwa ya mwezi uliopita, au mimi nafumba jicho zima?"

Wifi alirudi chumbani, akaileta karatasi ya mkono ya msimamizi, akalinganisha. Kosa lilikuwa la msimamizi, aliyetia saini akiitegemea hesabu ya chini, lakini hesabu hiyo ilikuwa ya wifi mwenyewe, na ndivyo alivyosema: aliiacha ya mwezi uliopita bila kuhesabu upya.

"Unaichapa nyingine?" aliuliza Kofia.

Wifi alifungua kufuli. Alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya "Mchana" la jina la pili, lililokuwa na mapumziko wiki ya kwanza, akaandika "Asubuhi" juu yake kwa mkono wake, akaweka tarehe na sahihi pembeni. Neno lilipanda, na herufi ya mwisho iligusa ukingo wa kisanduku.

Kofia aliinama akaitazama kwa makini.

"Imepinda," alisema.

"Imepinda," alisema wifi, akafunga kioo, akaenda kumtafuta huyo mtu wa chujio amwambie kwa mdomo.